Debit na Credit kwenye stetimenti ya benki: soma kwa macho ya benki kwanza, alafu geuza

Kila mwezi kuna mtu ananitumia stetimenti na daftari lake, anasema havikubaliani na ameshahesabu mara nne. Nikifungua nakuta kosa lilelile, kanakili safu za benki zilivyo, Debit kaandika kwenye debiti yake, Credit kaandika kwenye krediti yake, alafu anashangaa salio limeruka mpaka kusikojulikana. Sasa naandika mara moja kwa wote, tutumie stetimenti moja tu mwanzo mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Stetimenti ya mwezi mmoja iliyokamilika, yenye salio la kuanzia na la kumalizia. Usichukue ile ya kwenye simu inayoonyesha miamala mitano ya mwisho, haitoshi.
- Daftari lako la benki, liwe la karatasi au la Excel, haijalishi.
- Kalkuleta.
- Kalamu mbili za rangi tofauti. Moja ya kutiki kilichoonekana pande zote mbili, nyingine ya kuzungushia kilichoonekana upande mmoja.

Na hii ndo stetimenti tutakayofanyia kazi, nimeitunga mwenyewe ila mpangilio ni wa kawaida kabisa:

```
Date  Description       Debit    Credit    Balance
01    BALANCE B/F                          50,000 CR
03    CASH DEPOSIT               20,000    70,000 CR
06    CHEQUE 0112       15,000             55,000 CR
06    CHARGES              200             54,800 CR
14    TRANSFER IN                 8,000    62,800 CR
20    TRANSFER OUT      60,000              2,800 CR
20    CHARGES              300              2,500 CR
25    LOAN REPAYMENT     7,000              4,500 DR
28    CASH DEPOSIT               10,000     5,500 CR
30    OD INTEREST           50              5,450 CR
```

## Hatua ya 1: jiulize hii karatasi kaandika nani

Stetimenti ina jina lako juu kwahiyo unadhani ni kitabu chako. Siyo. Ni ukurasa kutoka kitabu cha benki, ukurasa wanaoandika wewe unawadai kiasi gani, alafu wakakupa nakala.

Pesa uliyoipeleka benki haijakaa mahali imefungwa na jina lako. Benki imeichukua, ni yake sasa, na badala yake imebaki na deni kwako. Hilo deni ndo unaloliita salio.

Kwenye uhasibu kanuni ni ileile kwa kila mtu, benki na wewe: mali ikiongezeka inaandikwa debiti, deni unalodaiwa likiongezeka linaandikwa krediti, na vikipungua inakuwa kinyume. Hiyo tu. Debiti haina maana ya "kutoka" wala krediti haina maana ya "kuingia", ni majina ya upande wa kushoto na wa kulia, basi. Ukishakubali hilo kichwani, kazi nusu imeisha.

Kwahiyo ukiweka 20,000, deni la benki kwako limekua, na deni likikua ni krediti. Ndo maana iko safu ya Credit. Ukitoa, deni lao limepungua, ni debiti. Ndo maana meseji inasema akaunti yako imekuwa *debited* wakati umekatwa.

Utajua umeelewa ukiweza kuisoma tarehe 03 kwa sauti hivi: "benki inasema, tumeongezewa deni la 20,000 kwa huyu mteja, sasa anatudai 70,000." Ukiweza kusema hivyo bila kusita songa mbele, ukisita rudi juu soma tena.

## Hatua ya 2: hakikisha safu ipi ni ipi kwa mstari unaoujua

Usiamini kichwa cha safu peke yake. Kuna benki zinaandika Debit na Credit, nyingine Withdrawals na Deposits, nyingine Money out na Money in, nyingine zina safu moja tu ya kiasi na herufi DR au CR pembeni, au alama ya kutoa kwa zilizotoka. Ukipakua faili kwenda Excel ndo balaa zaidi maana safu zinaweza kusogea.

Chukua muamala mmoja ambao una uhakika nao kabisa, mfano ile siku ulienda mwenyewe kuweka pesa, uangalie umekaa wapi na salio limefanya nini. Hapa tarehe 03 imekaa Credit na salio limetoka 50,000 kwenda 70,000. Imetosha, safu hiyo ndo inayokuongezea.

Alafu shuka na kalkuleta mstari kwa mstari, salio la juu, jumlisha Credit, toa Debit, upate salio la chini. Ukimaliza fanya kwa jumla pia: Credit zote ni 38,000, Debit zote ni 82,550, kwahiyo 50,000 + 38,000 − 82,550 = 5,450. Imegonga. Isipogonga, kuna ukurasa umekosekana au umeruka mstari, usiendelee mpaka ujue.

## Hatua ya 3: ona ile nusu ambayo benki haikuonyeshi

Hapa ndo watu wengi hawajawahi kuonyeshwa, na nadhani ndo chanzo cha mkanganyiko wote. Kila mstari kwenye stetimenti ni nusu ya tukio. Nusu nyingine iko kwenye akaunti nyingine huko ndani ya benki, na wewe huioni.

Tarehe 03, keshia kapokea noti zako. Benki imeandika: debiti fedha taslimu 20,000 (mali yao imeongezeka, droo imejaa), krediti akaunti yako 20,000. Wewe unaona ya pili tu.

Tarehe 06, makato ya 200. Benki imeandika: debiti akaunti yako 200, krediti mapato ya ada 200. Hakuna noti iliyotembea hapo, wamepunguza tu wanachodaiwa na wewe na kujihesabia mapato.

Tarehe 20 tuseme ni kodi ya pango, na mwenye nyumba ana akaunti benki hiyohiyo. Benki imeandika: debiti wewe 60,000, krediti mwenye nyumba 60,000. Ukiangalia vizuri, jumla ya madeni ya benki haijabadilika hata senti, kilichobadilika ni anayewadai tu. Kwenye stetimenti yako imekaa Debit, kwenye yake imekaa Credit, ni tukio moja.

Huhitaji kuandika haya popote. Ila ukiyaona mara moja tu, ile hisia kwamba "benki wamegeuza makusudi" inaondoka, maana unaona kwao vitabu vimekaa sawasawa.

## Hatua ya 4: sasa kaa upande wako wa meza

Kwako wewe, pesa iliyoko benki ni mali, benki inakudai? hapana, wewe ndo unaidai. Na mali ikiongezeka ni debiti. Kwahiyo tukio lilelile la tarehe 03 kwenye daftari lako linaandikwa:

- Debiti akaunti ya Benki 20,000
- Krediti Fedha Taslimu 20,000, kwasababu zimetoka kwenye droo yako

Umeona? Benki imekuandika krediti na wewe umeiandika debiti na wote mko sahihi. Ni kama watu wawili wamekaa wakitazamana, mkono wa kulia wa huyu uko upande wa kushoto wa yule. Hakuna aliyekosea.

Hundi ya 15,000 ulimlipa aliyekuuzia bidhaa kwa mkopo: debiti yule muuzaji (deni lako kwake limepungua), krediti Benki. Makato ya 200: debiti Gharama za Benki, krediti Benki. Pango: debiti Pango 60,000, krediti Benki 60,000. Ile 8,000 ya tarehe 14, mteja kalipa deni lake: debiti Benki 8,000, krediti yule mteja.

Kanuni ya mkononi ni hii: kwa akaunti ya Benki tu, kila Debit ya stetimenti ni krediti kwenye daftari lako, na kila Credit ni debiti. Nimesisitiza "kwa akaunti ya Benki tu" kwasababu nishaona mtu kageuza kila kitu, mpaka Gharama kaziweka krediti. Ule upande wa pili wa muamala unaufuata kwa kanuni yake ya kawaida, haugeuzwi.

Onyo. Usinakili kutoka stetimenti kwenda daftari kwa kukopi na kupesti safu nzima. Mimi nilifanya hivyo miaka ya mwanzo na vitabu vya kikundi, mwezi mzima, salio la kuanzia nililiweka vizuri upande wa debiti alafu miamala yote nikaimwaga kama ilivyo. Ukifanya hivyo kwenye mfano wetu utapata 50,000 + 82,550 − 38,000 = 94,550, yaani unajiona tajiri wakati benki una 5,450. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu.

## Hatua ya 5: andika vitu ambavyo stetimenti ndo imekwambia

Kuna miamala uliiandika mwenyewe siku ileile, hundi, pesa ulizopeleka, pango. Na kuna ambayo hukujua mpaka stetimenti imefika: 200, 300, na ile riba ya 50. Jumla 550.

Hapa tiki zako zinafanya kazi. Pita mistari yote, iliyoko pande zote mbili tiki, iliyoko kwenye stetimenti tu izungushie na rangi ya pili. Zile ulizozungushia ndo unaziandika leo kwenye daftari, debiti gharama, krediti Benki.

Angalizo moja kwenye hili. Ukikuta makato ya 300 upande wa Debit, alafu siku mbili baadae 300 hiyohiyo upande wa Credit na neno REVERSAL au RVSL, hayo siyo mapato. Benki imefuta makosa yake, na kwenye vitabu vya benki kufuta ni kuandika upande wa pili kiasi kilekile, haifutwi na raba. Na wewe fanya hivyohivyo, rudisha kwenye Gharama za Benki upande wa krediti. Ukiandika mapato utajionyesha umepata hela ambayo hujapata, na gharama ambayo hujalipa.

## Hatua ya 6: salio likibadilika kutoka CR kwenda DR

Angalia tarehe 25. Salio lilikuwa 2,500 CR, rejesho la mkopo la 7,000 likakatwa, limekuwa 4,500 DR. Watu wengi wanaona 4,500 wanafurahi kwamba limeongezeka! Herufi mbili za mwisho hawajazisoma.

CR maana yake benki inakudai... hapana, ngoja nisichanganye, hata mimi ulimi huteleza hapa. CR maana yake wewe unaidai benki. DR maana yake benki inakudai wewe. Tarehe 25 umevuka mstari, sasa ni ovadrafti, umeshatoka kwenye orodha ya watu wanaoidai benki umeingia kwenye orodha ya wanaodaiwa na benki. Hii inatokea kama mna makubaliano ya ovadrafti, bila hayo mara nyingi malipo yangegoma tu. Na ile 50 ya tarehe 30 ndo gharama ya zile siku tatu.

Kwenye daftari lako wakati huo akaunti ya Benki ina salio la krediti la 4,500, yaani imegeuka kutoka mali kuwa deni. Kioo kilekile.

### Na akaunti ya mkopo je?

Hii naikalia kidogo maana ndo inayowavuruga hata waliokwisha kuelewa ya juu. Mkopo una stetimenti yake peke yake, na tarehe 25 hiyohiyo inaonekana hivi:

```
Date  Description      Debit    Credit    Balance
01    BALANCE B/F                         100,000 DR
25    REPAYMENT                  7,000     93,000 DR
```

Muamala mmoja, siku moja, benki moja, kwenye akaunti ya kawaida uko Debit na kwenye mkopo uko Credit. Mtu anapiga simu analalamika wamemkata mara mbili, au anadhani amerudishiwa. Hapana. Mkopo wako ni mali ya benki, ni kitu wanachokudai wewe, mali inakaa debiti, ndo maana salio ni DR tangu siku ya kwanza. Ukilipa, mali yao hiyo inapungua, na mali ikipungua ni krediti. Na hiyo ndo nusu ya pili niliyosema kwenye hatua ya 3, safari hii umebahatika kuziona nusu zote mbili.

Riba ya mkopo ikiongezwa itakaa Debit na salio la DR litapanda, kwahiyo kwenye stetimenti ya mkopo Debit ndo inayokuumiza na Credit ndo nafuu, sawa na kwenye akaunti ya kawaida kwa kweli. Tofauti ni kwamba huku unaanzia chini ya sifuri.

Kwako: debiti Mkopo 7,000 (deni lako limepungua), krediti Benki 7,000. Unaandika mara moja tu, stetimenti mbili zisikufanye uandike mara mbili.

Stetimenti ya kadi ya mkopo nayo inasomwa kama ya mkopo. Ukinunua ni Debit, ukilipa ni Credit. Ukiikuta ina salio la CR, umelipa zaidi ya ulichotumia na sasa wao ndo wanadaiwa.

## Hatua ya 7: gonganisha, na kama hazigongi tafuta kwa akili

Tuseme tarehe 29 ulimwandikia mtu hundi ya 1,800 na bado hajaipeleka benki. Kwenye daftari lako umeshaitoa, benki haijui kitu. Kabla ya kuandika makato, daftari linasema Benki ni debiti 4,200. Stetimenti inasema 5,450 CR. Kwanza, kwamba moja ni debiti na nyingine CR ni sawa kabisa, ndo inavyotakiwa, ukikuta zote ziko upande mmoja ndo ushtuke.

Sasa rekebisha kila upande kwa kile ambacho haujui:

- Daftari: 4,200 − 550 ya makato na riba = 3,650
- Stetimenti: 5,450 − 1,800 ya hundi iliyoko njiani = 3,650

Zimegonga. Ile 1,800 huiandiki tena popote, inasubiri tu mpaka itokee kwenye stetimenti ijayo, ukiiona unaitiki.

Zisipogonga, chukua tofauti na uigawe kwa 2 kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Tuseme ile 8,000 ya tarehe 14 uliiweka krediti kwa kunakili bila kugeuza. Daftari lako litasoma −12,350 badala ya 3,650, tofauti ni 16,000. Nusu yake 8,000. Tafuta 8,000 kwenye stetimenti, hiyo hapo, tarehe 14, angalia umeiweka upande gani. Tofauti inakuwa mara mbili kwasababu kwanza hukuiongeza ilipotakiwa, na pili ukaitoa isipotakiwa.

Kama nusu haipo popote, jaribu tofauti yenyewe nzima, inaweza kuwa muamala uliousahau kabisa. Na kama tofauti inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, angalia tarakimu ulizozigeuza, mfano umeandika 5,400 mahali pa 4,500, tofauti 900. Ila hizi mbinu zinashika kama kosa ni moja. Makosa yakiwa mawili matatu kwa pamoja yanafichana, hapo hakuna njia ya mkato, unarudi kwenye tiki mstari kwa mstari kuanzia salio la mwanzo, na mara nyingi utakuta kosa la kwanza liko palepale pa siku ya kwanza, umeanza na salio la mwezi uliopita ambalo nalo halikuwahi kugonga.